Bei moja, vituo vitatu: kwa nini meseji ilikuja mara tatu asubuhi moja

Mama mmoja anayeuza mbuta sokoni Kibuye, hapa Kisumu, alinipigia simu Jumanne moja kabla sijamaliza chai. "Mwanangu," akaniambia, "bei imebadilika mara tatu na jua halijatoka vizuri?" Alikuwa amepokea meseji tatu za bei ya samaki, zote sawa kama mapacha, akazisoma neno kwa neno akitafuta tofauti. Alipoikosa akadhani kosa ni la macho yake. "Miwani nimeiacha nyumbani," akasema, kana kwamba ananiomba radhi.

Asubuhi ileile kijana anayenunulia hoteli mbili za mjini samaki alikuwa na malalamiko ya kinyume. Yeye hufuata bei kwenye chaneli ya Telegram, na chaneli ilikuwa kimya kabisa. Kwa hiyo bei ileile, kutoka jedwali lilelile, ilimfikia mmoja mara tatu na haikumfikia mwingine hata mara moja. Kwenye kundi letu watu wakaanza kutupa lawama: mtandao mbovu, seva imelala, kuna mtu amebonyeza vibaya. Programu inayotuma bei hizo niliiandika mimi, kwa hiyo nieleze kilichotokea, kwa sababu kinatokea popote kitu kimoja kinapotumwa sehemu kadhaa kwa saa maalumu: matokeo ya mitihani, taarifa za maziwa kwa wafugaji, hata matangazo ya mazishi.

Kwanza maneno machache. *Chanzo* ni mahali habari inapotoka. Kwetu ni jedwali moja ambalo mwenzetu aliye ufukweni Dunga hulijaza alfajiri, baada ya mitumbwi kufika: jina la samaki, kipimo, bei. *Kituo* ni mahali habari inapopelekwa. Tunavyo vitatu: ukurasa wa tovuti, meseji kwa wafanyabiashara 412, na chaneli ya Telegram. *Ratiba* ni saa ya kutuma, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Na *toleo* ni bei za siku moja zikiwa zimefungwa pamoja, kama gazeti la siku moja. Neno hili la mwisho lishike vizuri, tutalirudia.

Ratiba yenyewe ni mstari mmoja kwenye seva:

```
0 3 * * * /opt/bei/tuma.sh
```

Hiyo 3 si kosa. Seva yetu inafuata saa ya UTC, na Kenya iko mbele kwa saa tatu mwaka mzima, kwa hiyo saa 3:00 za seva ni saa 6:00 kwenye simu yako, yaani kumi na mbili asubuhi. Kuanzia hapa saa nitazitaja zinavyoonekana kwenye simu.

Bodaboda na geti lililofungwa

Fikiria una samaki wa kupeleka hoteli tatu, na bodaboda mmoja. Anafika hoteli ya kwanza, anashusha. Hoteli ya pili anagonga geti, hakuna anayefungua. Badala ya kwenda ya tatu anageuza pikipiki na kurudi kwako na mzigo uliobaki, akikwambia "imeshindikana." Nawe kwa hasira unamwambia, "Basi anza upya!" Anapakia samaki wengine, anaanzia hoteli ya kwanza, ambayo sasa inapokea mzigo mara ya pili.

Hakuna mtu mwenye akili timamu angefanya biashara hivyo. Lakini programu yangu ya kwanza ilifanya hivyo hasa:

```
set -e
cd /opt/bei
./tuma_tovuti.sh
./tuma_meseji.sh
./tuma_telegram.sh
```

Maneno `set -e` yana maana kwamba amri yoyote ikishindwa, programu nzima isimame hapohapo. Niliyaweka kwa nia njema, kwani watu wengi hufundishwa kwamba programu nzuri husimama ikiona kosa. Kwa kazi yenye hatua zinazotegemeana ni sawa: usipopata unga, usiwashe jiko la chapati. Ila Telegram haitegemei meseji kwa lolote. Nilizifunga kwa kamba moja bila sababu, na foleni ikaamua nani atakosa. Kama Telegram ingetangulia, yule kijana wa hoteli asingejua kama kulikuwa na tatizo.

Siku ile tovuti ilipata bei, kisha programu ikapeleka meseji kwa kampuni inayotusambazia, ikangoja jibu kwa sekunde 30, jibu halikuja, ikajifia. Mwenzangu aliyekuwa zamu akaona kosa, akaiendesha tena saa 6:40. Ikafa palepale. Akaiendesha tena saa 7:10, safari hii jibu likaja na Telegram ikapata bei zake, wakati ambao mnunuzi wa hoteli alikuwa ameshanunua kwa kukisia. Wafanyabiashara 412 walipata meseji 1,236, na tukalipia zote.

"Imeshindwa" ni neno lenye watu watatu ndani

Swali ambalo kila mtu aliniuliza ni hili: kama meseji zilishindwa mara mbili, ilikuwaje zikafika mara tatu?

Kwa sababu hazikushindwa. Kilichopotea ni *jibu*. Mitambo ya kampuni ile ilikuwa imelemewa asubuhi hiyo, ikapokea mzigo wetu, ikauweka kwenye foleni yake, lakini kabla haijatujibu "nimepokea", sisi tulikuwa tumeshakata simu. Kwao kazi imepokelewa, kwetu imekufa.

Kila mtu anayetuma pesa kwa simu analijua jambo hili mwilini hata kama hajawahi kulipa jina. Umetuma shilingi elfu mbili, skrini imeganda, meseji ya kuthibitisha haijaja. Hutumi tena hapohapo. Unaangalia salio kwanza, au unampigia mwenzako umuulize kama imeingia. Unafanya hivyo kwa sababu unajua kuna hali ya tatu kati ya "imefika" na "haijafika", nayo ni "sijui".

Programu nyingi hazijui hali hiyo ya tatu. Zina ndiyo na hapana tu, na kila kisicho ndiyo kinaitwa kosa. Mimi sasa nayagawa makosa mafungu matatu, na ugawaji huo umenisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichobadilisha.

Fungu la kwanza ni kukataliwa waziwazi. Kituo kimejibu, na jibu ni hapana: neno la siri limebadilishwa (namba `401`), au ujumbe wenyewe una kasoro (namba `400`). Kurudia hapa ni kugonga ukuta kwa kichwa. Hata ukijaribu mara mia, jibu ni lile. Hili linataka mtu.

Fungu la pili ni "njoo baadaye". Kituo kimejibu kwamba kimezidiwa (`503`) au kwamba unatuma kwa kasi mno (`429`). Hapa kurudia ndiyo dawa, lakini kwa kusubiri. Telegram ni waungwana katika hili, kwani jibu lao la `429` huja na kipengele `retry_after` kinachotaja sekunde za kungoja. Ukiambiwa ngoja sekunde 20, ngoja 20.

Fungu la tatu ndilo "sijui", pale ambapo umetuma na ukimya ndio umejibu. Hili ndilo lililomsumbua mama wa Kibuye, na dawa yake ni kuuliza kwanza, kisha kurudia kama jibu linaruhusu.

Daftari la kila kituo

Rudi kwa bodaboda. Mwenye samaki mwerevu humpa kitabu chenye mstari wa kila hoteli. Hoteli ya pili ikiwa imefungwa, anaendelea hadi ya tatu, anarudi na kitabu chenye sahihi mbili na pengo moja, na safari inayofuata ni ya lile pengo tu. Sisi kitabu chetu ni jedwali dogo kwenye hifadhidata:

```
CREATE TABLE daftari (
  toleo TEXT,
  kituo TEXT,
  hali  TEXT,
  majaribio INTEGER DEFAULT 0,
  PRIMARY KEY (toleo, kituo)
);
```

Mstari wa `PRIMARY KEY` ndio mlinzi wa mlango: kwa toleo moja na kituo kimoja haiwezekani kuwa na mistari miwili. Saa kumi na mbili kamili programu inafungua mistari ya siku, yote ikiwa na hali `bado`. Kisha inashughulikia kila kituo peke yake. Kikikwama, inaandika hivyo na kuendelea na kinachofuata. Mtu akiiendesha tena kwa mkono, hata mara kumi, haigusi mstari wenye hali ya `imefika`.

Kuna jambo moja hapa lililonichukua wiki mbili kulielewa. Hali lazima iandikwe *mara mbili*: `inatumwa` kabla ya kutuma, na `imefika` baada ya jibu. Mwanzoni niliandika mwishoni tu. Umeme ukakatika baada ya meseji kuondoka na kabla ya kuandika. Seva ilipowaka tena, daftari likasema `bado`, na programu kwa utiifu wote ikatuma tena. Sasa nikikuta mstari uliokwama kwenye `inatumwa`, najua ni wa fungu la "sijui", si wa "bado".

Ni vizuri pia kutambua kwamba si kila kituo kinaumizwa na marudio. Ukurasa wa tovuti uliandikwa mara tatu siku ile na hakuna aliyeona, kwa sababu kuandika bei ya leo juu ya bei ya leo hakubadilishi kitu. Ni kama kubandika bango lilelile mahali palepale. Meseji ni kama kugonga mlango: kila mara mtu anatoka nje. Kwa vituo vya bango, rudia bila hofu. Kwa vituo vya mlango, tafuta namna ya kutambuliwa. Baadhi ya kampuni za kusambaza meseji hukuruhusu kuambatisha namba yako ya kumbukumbu, na zikiiona namba hiyo mara ya pili hazitumi tena. Nyingine zinakupa ripoti tu ya zilizopokelewa, uisome mwenyewe. Kwa Telegram, ukiita `sendMessage` mara mbili unapata machapisho mawili, hakuna kumbukumbu ya kukuokoa. Kwa hiyo Telegram ikiwa kwenye "sijui", tumekubaliana kwamba mtu wa zamu afungue chaneli na kuangalia kwa macho. Ni sekunde tano. Sioni aibu kuacha kazi ya sekunde tano kwa binadamu.

Usirudi kisimani

Kosa lingine halikuonekana hadi mwezi uliofuata. Ukituma tena kituo kilichokwama, unachukua bei kutoka wapi? Mimi nilikuwa narudi kwenye jedwali. Asubuhi moja mwenzetu wa Dunga aliandika ngege 840 badala ya 480, akagundua saa 6:20 na kusahihisha. Tovuti na Telegram zilikuwa zimeshapeleka 840. Meseji zilikuwa zimekwama, na ziliporudiwa saa 6:25 zikachota bei mpya. Mnunuzi ana 840 mkononi, muuzaji ana 480, kila mmoja anamwonyesha mwenzake simu yake. Ugomvi wa namna hiyo hauna mwamuzi.

Sasa saa kumi na mbili tunapiga chapa: jedwali linanakiliwa, nakala inapewa jina la siku, kwa mfano `2025-03-25`, na haiguswi tena. Marudio yote yanachota kwenye nakala hiyo. Kukiwa na sahihisho, ni toleo jingine, `2025-03-25-b`, lenye neno MAREKEBISHO juu yake na mistari yake mipya daftarini. Watu huniambia ni ujinga kuendelea kupeleka bei ninayojua ina kosa. Simaanishi hivyo. Toleo la kwanza likiwa bado halijafika kituo fulani, linafutwa kwenye mstari huo na la pili linachukua nafasi. Ninachokataa ni toleo moja kuwa na sura mbili.

Asubuhi moja, mwanzo hadi mwisho

Tuipitie sasa kwa mpangilio mpya. Saa 6:00 nakala inapigwa. Tovuti inajibu ndani ya sekunde chache, Telegram vilevile. Meseji ni kituo kimoja kwa jina, lakini ndani yake kuna watu 412, kwa hiyo tunazipeleka kwa mafungu: manne ya watu 100 na la mwisho la watu 12, kila fungu na mstari wake. La kwanza na la pili yanapokelewa. La tatu linaenda kimya. Programu inaliacha na kupeleka la nne na la tano. Kufikia saa 6:03 daftari linasomeka hivi:

```
2025-03-25  tovuti    imefika
2025-03-25  telegram  imefika
2025-03-25  meseji-1  imefika
2025-03-25  meseji-2  imefika
2025-03-25  meseji-3  inatumwa
2025-03-25  meseji-4  imefika
2025-03-25  meseji-5  imefika
```

Watu 312 wana bei zao. Waliobaki ni mia moja, na hatujui kama wamepata. Hapa usikimbilie kuuliza, kwa maana kama mitambo yao imelemewa, ukiuliza baada ya sekunde kumi utaambiwa "hatuna kumbukumbu hiyo" huku mzigo wako ungali kwenye foleni yao. Utatuma tena, na yote mawili yatafika. Tunangoja dakika tano. Saa 6:08 tunauliza kwa namba ya kumbukumbu ya fungu la tatu. Wakisema wanalo, tunaandika `imefika` na kufunga. Wakisema hawalijui, tunatuma tena *kwa namba ileile*, ili hata likiibuka lile la mwanzo, mitambo yao ilitambue na kulikataa mojawapo.

Likikwama tena, tunangoja dakika 15, kisha 30. Nafasi inapanuka kwa makusudi, kwa sababu kituo kilicholemewa hakisaidiwi na mtu anayegonga kila dakika. Na saa 9:00 tunaacha kabisa. Mstari unaandikwa `imepitwa`. Mtu aliyekwisha kununua samaki hana haja na bei ya alfajiri, na meseji ya leo ikifika kesho baada ya ya kesho, mama wa Kibuye atauza kwa bei ya jana akidhani ndiyo mpya. Ukomo hutegemea kituo. Tovuti haina, kwani bei ya asubuhi ikikaa pale hadi jioni bado ni kumbukumbu.

Marudio haya yote yanaweza kugongana yenyewe kwa yenyewe: ile ya saa 6:00 haijamaliza, mtu wa zamu naye anaiendesha kwa mkono. Hilo linazuiwa kwa maneno machache mbele ya amri, `flock -n /opt/bei/tuma.lock`, yanayoifanya ya pili ijiondoe ikikuta ya kwanza ingali kazini.

Nani atajua?

Sasa kwa kuwa kituo kimoja kinaweza kuanguka bila kuangusha vingine, kinaweza pia kuanguka bila mtu kujua. Hii ndiyo bei ya mpangilio mpya. Programu ya zamani ilikuwa inakufa kwa kelele. Hii inaendelea na kazi, tovuti inang'aa, Telegram inasoma vizuri, na watu mia wanakosa bei kimyakimya hadi mmoja wao apige simu.

Kwa hiyo saa 6:30 kuna mkaguzi. Anasoma daftari, na kila mstari usio `imefika` anaupeleka kwa mtu wa zamu. Hapeleki kwa meseji kupitia kampuni ileile, maana kama njia hiyo ndiyo iliyokufa, taarifa ya kifo itakufa nayo. Anatumia barua pepe. Tena anakaa kwenye mashine nyingine, na swali lake la kwanza si "kuna kosa?" bali "kuna mistari ya leo?" Seva ikizimika usiku, hakuna kosa litakaloandikwa popote. Daftari litakuwa tupu na safi kabisa.

Niliwahi kudhani pia kwamba `imefika` kwenye daftari maana yake imefika mkononi mwa mtu. Sivyo. Maana yake kampuni imepokea mzigo. Simu ikiwa imezimwa au imejaa, hiyo ni habari nyingine, nayo huja kwenye ripoti ya baadaye. Kwa bei za samaki tumeamua kutoifuatilia.

Kabla sijafunga, kuna gharama moja iliyotushangaza. Mwenzetu aliyelelewa pwani hupenda kuandika "ng'onda" kwa samaki wa kukaushwa. Siku moja aliandika kwenye kompyuta iliyogeuza ile alama ya ng' kuwa iliyopinda. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, lakini ikiwa na alama moja tu iliyo nje ya orodha ya herufi za msingi za simu, uwezo hushuka hadi 70. Meseji yetu ya herufi 150 ikakatwa vipande vitatu, ikatozwa mara tatu, na salio letu likaisha katikati ya fungu la pili. Kwenye tovuti na Telegram "ng'onda" alisomeka bila shida yoyote. Sasa kabla ya kutuma, kila kituo kinaandaliwa nakala yake kutoka toleo lilelile, na ya meseji inanyooshwa alama zote zilizopinda.

Mama wa Kibuye bado ananipigia, safari hii kuuliza kwa nini omena haandikwi kwa gorogoro.